Zawadi Zina Bei: Mwongozo Kamili wa Kuandika Pendekezo la Kuchangisha Pesa Mtandaoni

Mwulize mtu anayepanga kuchangisha pesa mtandaoni kwa nini lengo lake ni laki mbili na sabini. Mara nyingi atakujibu kwamba hiyo ndiyo gharama ya kazi: mchoraji anataka kiasi hiki, mchapaji kiasi kile, jumla ni hiyo. Jibu linaonekana la busara, na ndilo linaloziangusha kampeni nyingi baada ya kushangiliwa. Mchango wa zawadi hauko kama harambee ya harusi au ya matibabu, ambapo anayetoa ameshatoa na hadai kitu. Hapa kila anayechanga anaondoka na deni lake mkononi: umemwahidi kitabu, na kitabu lazima kifungwe, kibandikwe anwani na kilipiwe nauli. Deni hilo hulipwa kutoka kwenye pesa zilezile alizochanga.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye gharama ya ahadi, kisha zawadi, kisha lengo. Hadithi, ambayo wengi huanza nayo, nimeiweka karibu na mwisho kwa sababu haiwezi kuandikwa vizuri kabla hesabu haijatulia.

Nitatumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wawili wa Mombasa, mwandishi na mchoraji, wanataka kuchapa kitabu cha picha cha kurasa 32 kwa watoto wa miaka sita hadi tisa. Ni hadithi ya mtoto anayefundishwa na babu yake mvuvi kutofautisha bamvua, siku maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, siku yanaposogea kidogo. Watu hawa na bei zao ni za kufikirika. Zako zitoke kwenye profoma, yaani hati za bei ulizopewa kwa maandishi, zenye tarehe ya mwisho ya bei hiyo na maelezo kama VAT ya asilimia 16 imo ndani au itaongezwa juu.

Kwanza, tenga gharama zisizobadilika

Andika kila kitu ambacho utakilipia hata kama watakuja wachangiaji kumi tu. Kwa kitabu chetu, mchoraji anachukua 90,000, mhariri 15,000, mpangaji wa kurasa 20,000, na nakala ya majaribio pamoja na shughuli ndogondogo kama kuomba ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ambayo Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, tunaziwekea 5,000. Hapo tuna 130,000.

Kisha uchapaji. Mashine ya ofseti huandaliwa sahani zake mara moja, iwe unachapa nakala 300 au 3,000, ndiyo maana bei ya nakala moja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Usiombe bei ya idadi moja. Omba ya 300, ya 400, ya 700 na ya 1,000 kwa siku hiyohiyo, kwa sababu utazihitaji zote baadaye. Tuseme mchapaji wetu anatoza shilingi 350 kwa nakala moja tukichapa 400. Hiyo ni 140,000 kwa mkupuo, na haigawanyiki: huwezi kumlipa nusu akupe nakala 200 kwa bei ileile. Kwa hiyo uchapaji nao unaingia kwenye gharama zisizobadilika, ingawa watu wengi huuhesabu kwa kila zawadi na kujidanganya kwamba "kitabu kinanigharimu 350 tu."

Jumla ni 270,000. Hiyo ndiyo laki mbili na sabini tuliyoanza nayo. Usiiandike popote kama lengo.

Pili, kila zawadi ipewe hesabu yake

Sasa chukua karatasi nyingine. Kwa kila ngazi ya mchango unahitaji kujua mambo matatu: kinachoingia, ada inayokatwa, na gharama ya kufikisha zawadi mlangoni. Kinachobaki ndicho kinachosaidia kulipa ile 270,000.

Ada kwanza. Majukwaa hutofautiana. Kickstarter, jukwaa la Marekani, hukata asilimia 5 kampeni ikifaulu, na malipo yenyewe hukatwa takriban asilimia 3 na senti kadhaa kwa kila mchango. Majukwaa ya hapa kwetu, kama M-Changa, yana viwango vyake, na usisahau ada ya kutoa pesa kutoka huko hadi benki au kwenye simu. Kwa mfano wetu tuchukue asilimia 8 kwa jumla.

Kisha gharama ya kufikisha. Pima kitu chenyewe kwenye mizani kikiwa kimefungwa, kwa sababu kampuni ya vifurushi hutoza kwa uzito wa mzigo uliofungwa. Hesabu bahasha ngumu, nailoni ya kuzuia maji, gundi, stika ya anwani. Kwa kitabu ndani ya Kenya tumepata shilingi 40 za kufungia na 250 za nauli, wastani wa Mombasa, Nairobi na miji midogo. Jumla 290. Kwenda nje, tuseme kufungia 60 na posta 2,200.

Hizi hapa ngazi zetu tano:

- Shilingi 300: jina kwenye ukurasa wa shukrani na nakala ya kusomea kwenye simu. Ada 24. Inabaki 276.
- Shilingi 1,200: kitabu kimoja, anwani ya Kenya. Ada 96, kufikisha 290. Inabaki 814.
- Shilingi 3,000: kitabu kimoja kwako, viwili kwa maktaba ya shule. Ada 240, kufikisha 350. Inabaki 2,410.
- Shilingi 4,500: kitabu kimoja, anwani ya nje ya Kenya. Ada 360, kufikisha 2,260. Inabaki 1,880.
- Shilingi 15,000: mwandishi anakuja kusoma shuleni na kuleta vitabu kumi, Mombasa, Kwale na Kilifi pekee, nafasi nne. Ada 1,200, safari na maandalizi 3,500. Inabaki 10,300.

Itazame orodha hii polepole. Ngazi ya 3,000 inaacha pesa nyingi kuliko ya 4,500, ingawa mchangiaji wake ametoa kidogo. Sababu ni kwamba vile vitabu viwili vya shule husafiri kwa pamoja kwenye boksi moja, na nauli yake ukiigawa ni kama shilingi 60 kwa kila mchangiaji. Mchangiaji huyo anafurahi kwa sababu amesomesha watoto asiowajua, na wewe hukulazimika kufunga vifurushi vitatu. Zawadi za namna hii, ambazo thamani yake iko kwenye tendo kuliko kwenye mzigo, ndizo za kutafuta.

Mtego mkubwa zaidi umejificha kwenye ngazi ya pili. Shangazi aliyeko Muscat au rafiki wa London akichagua ngazi ya 1,200 kisha akaandika anwani ya huko, utapokea 1,104 baada ya ada na utalipa 2,260 kumtumia. Umepoteza 1,156 kwa kumfurahisha mtu aliyekusudia kukusaidia. Wachangiaji kumi wa hivyo wanakula shilingi 11,560. Kwa hiyo andika kwenye jina la zawadi lenyewe, bila kuficha chini kwenye maelezo: "Kitabu kimoja, kutumwa ndani ya Kenya pekee." Jukwaa likikuruhusu kufunga ngazi kwa nchi, ifunge. Na mtu wa nje unaweza kumpa njia rahisi: achange 1,200 na kitabu kipelekwe kwa ndugu yake aliye Kenya. Wengi watakubali, maana mpwa wake aliyeko Likoni ndiye aliyemkusudia tangu mwanzo.

Kuna zawadi ambazo ningeziondoa bila kuzifikiria mara mbili. Fulana ni mojawapo. Saizi tano kwa rangi mbili tayari ni aina kumi za bidhaa, kila moja na kiwango chake cha chini cha kuagiza, na mwishoni unabaki na fulana kumi na mbili za XXL ambazo hakuna aliyeziomba. Ya pili ni kitu chochote kinachotengenezwa kwa mkono bila ukomo wa idadi. Mkoba wa ukili ni zawadi nzuri sana mpaka watu mia waupende. Msusi hana mashine ya kuongezea kasi, na ukimwongezea wasusi wengine, mikoba haifanani tena na ile ya kwenye picha. Ukitaka kuuweka, uliza kwanza ni mikoba mingapi inaweza kumalizika kwa mwezi, kisha weka ukomo chini ya hapo.

Ya tatu ni ahadi ya faida. "Changa 20,000 upate asilimia ya mauzo" si zawadi tena, ni uwekezaji, na Kenya ina kanuni zake tangu 2022 chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Usiichanganye na kampeni ya zawadi hata kama mchangiaji mwenyewe ndiye anayeomba.

Tatu, lengo linatokana na mchanganyiko

Hapa unahitaji kukisia watu wataangukia ngazi zipi. Kisio hili lianzie kwenye majina. Fungua simu, pitia namba na makundi, andika nani atachanga na kwa ngazi gani. Wale waliosema "tuko pamoja" nawahesabu nusu tu, na wale waliouliza "unaanza lini, natuma kwa namba gani?" nawahesabu wote. Ukiishiwa na majina kabla ya kufika theluthi ya lengo, kampeni haijaiva. Wageni huchangia kitu ambacho tayari kina watu ndani yake, na hao wa kwanza huwezi kuwapata kwa tangazo.

Tuseme kisio letu ni watu 60 wa shilingi 300, watu 150 wa 1,200, watu 50 wa 3,000, watu 20 wa nje na shule 3. Pesa zitakazoingia ni 483,000 kutoka kwa wachangiaji 283. Ukitoa ada na gharama za kufikisha, kinachobaki ni 327,660. Yaani katika kila shilingi 100 zitakazoonekana kwenye ukurasa, karibu 68 tu ndizo za kufanyia kazi.

Ona pia kitu ambacho jumla huficha: kuwatumia wale watu 20 wa nje kunagharimu 45,200, na wale 150 wa Kenya wanagharimu 43,500. Kundi dogo limeyapita makundi yote kwa gharama ya nauli. Ndiyo maana bei ya posta ya nje ndiyo ya kuulizwa kwanza na kuulizwa tena wiki moja kabla ya kufungua kampeni.

Sasa ongeza akiba ya dharura. Kwa kitabu naweka asilimia 15 ya gharama zisizobadilika, hapa 40,500. Karatasi hupanda bei, nakala ya majaribio hutoka na bahari ya rangi ya chai, vifurushi viwili hupotea njiani na lazima utume vingine. Tunahitaji kubaki na 310,500 baada ya ada na kufikisha. Gawanya kwa 0.678 na unapata karibu 458,000. Lengo letu ni 460,000.

Linganisha na lile la mwanzo. Tungetangaza 270,000 na kuzifikisha kwa mchanganyiko uleule, tungebaki na takriban 183,000 mkononi na kazi ya 270,000 mbele yetu. Pengo la 87,000, siku ileile watu wanatutumia pongezi.

Hesabu nakala pia, maana zinasahaulika: 150 za ngazi ya pili, 150 za ya tatu, 20 za nje, 30 za shule. Ni 350. Tukichapa 400 tunabaki na 50 za kufidia zilizopotea au kuharibika, na za wale waliofanya kazi.

Je, wakija wengi kuliko tulivyotarajia? Kitabu husamehe. Agizo la kuchapa linatolewa baada ya kampeni kufungwa, na ile profoma ya nakala 700 uliyoomba mapema inakuambia bei itashuka. Vitu vingine havisamehi. Mwaka 2014 kampeni ya Coolest Cooler, boksi la kupozea vinywaji lenye mashine ya kusagia ndani, iliomba dola 50,000 kwenye Kickstarter ikapata zaidi ya milioni 13 kutoka kwa watu zaidi ya 60,000. Gharama ya kulitengeneza na kulisafirisha ilizidi kile walicholipa wachangiaji. Mwaka 2016 waliombwa waongeze dola 97 ili watumiwe haraka, na kampuni ilipofunga shughuli 2019 takriban watu 20,000 walikuwa hawajapata kitu. Kama kinachobaki kwenye zawadi moja ni chini ya sifuri, kila mchangiaji mpya anaongeza hasara, na umaarufu ndio unaokumaliza.

Nne, amua kitakachotokea msipofika

Kickstarter hufanya kazi kwa kanuni ya yote au hakuna: usipofikia lengo, hakuna anayekatwa. Kanuni hii inalingana kabisa na gharama ya mkupuo kama uchapaji. Tatizo ni kwamba orodha ya nchi ambazo wanapokea waandaaji wa kampeni haijumuishi Kenya wala Tanzania. Mradi wa BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti kilichozaliwa Nairobi, ulipita huko 2013, ukaomba dola 125,000 na kupata zaidi ya 170,000, lakini timu ile ilikuwa na mizizi ya kisheria na ya kifedha nje. Wengi wetu tutatumia jukwaa la ndani au namba ya malipo ya moja kwa moja, ambapo pesa huingia lengo lifike lisifike.

Hapo lazima uandike sheria yako mwenyewe. Fikiria umekusanya 200,000. Huwezi kuchapa, na tayari una watu kama tisini wenye haki ya kitabu. Chagua moja kabla ya kuanza na uiandike kwenye pendekezo: ama unarudisha pesa, ama una toleo dogo ambalo kweli unaweza kulimudu. Ukisema utarudisha, kumbuka kwamba kutuma pesa kurudi kwa watu mia kuna ada pia, na ada iliyokwishakatwa na jukwaa huenda usirudishiwe. Itenge kutoka mfukoni mwako mwenyewe tangu mwanzo, au waambie wachangiaji wazi kwamba watarudishiwa kasoro ada.

Pesa zisikae kwenye laini yako ya kawaida. Mbali na kishawishi, akaunti ya M-Pesa ya mtu binafsi haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na kwa lengo la 460,000 utakuwa unagonga ukuta ukichanganya na pesa zako nyingine. Tumia namba ya Paybill iliyounganishwa na akaunti ya benki yenye watia saini wawili, na uandike hivyo kwenye pendekezo. Mhasibu naye aulizwe mapema, kwa sababu mbele ya kodi pesa ya kulipia kitabu hufanana sana na mauzo.

Tano, hadithi

Sasa unaweza kuandika. Hadithi iliyo wazi ina kazi ya kumfanya msomaji aone kitu kimoja, aelewe kwa nini ninyi ndio mnaoweza kukifanya, na ajue pesa yake itageuka kuwa nini. Mapendekezo mengi huanza hivi:

"Watoto wetu wanahitaji vitabu vizuri vya Kiswahili. Lugha yetu inapotea. Tunaomba msaada wako ili tuweze kukuza utamaduni wetu na kuwapa watoto wetu maisha bora."

Hakuna uongo hapo, ila hakuna kitabu pia. Maneno hayo yanafaa kuombea chochote, kuanzia maktaba hadi tamasha. Andika badala yake:

"Mtoto wa Lamu anajua kwamba kuna siku maji hupwa mpaka mashua inakaa mchangani, na kuna siku hayasogei sana. Hajawahi kuona hilo kwenye kitabu cha darasani. Tumeandika hadithi ya kurasa 32 kuhusu mtoto anayejifunza bamvua na maji mafu kutoka kwa babu yake. Maandishi yamekamilika na yamesomwa na walimu wawili wa chekechea. Picha nne kati ya kumi na sita zimekwisha, unaziona hapa chini. Tunachangisha shilingi 460,000 ili kumaliza picha, kuchapa nakala 400 na kuzifikisha kwako na kwa shule."

Sentensi zinazobeba aya hii ni zile za "yamekamilika" na "zimekwisha." Mchangiaji anataka kujua umefika wapi kabla ya kumwomba. Kama hakuna kilichokwisha, maliza kitu kwanza: picha mbili, sura moja, mfano wa mbao, chochote cha kushikika. Video ya dakika mbili iliyopigwa kwa simu yenye sauti safi inatosha. Mkijipiga upepo ukivuma ufukweni mtapendeza, ila hatutasikia neno.

Baada ya hapo, onyesha pesa zinakwenda wapi. Hii ndiyo sehemu ambayo waandishi huiogopa, wakidhani msomaji atashtuka kuona ada na nauli. Kwa maoni yangu inajenga imani kuliko picha yoyote. Andika kwa maneno ya kawaida: "Katika kila shilingi 100, karibu 24 hulipia kufunga na kutuma zawadi, 8 ni ada za jukwaa na malipo, zinazobaki ni za mchoraji, mhariri, mpangaji wa kurasa, mchapaji na akiba ya dharura." Msomaji akiona hivyo anajua umeshawahi kukaa na karatasi.

Halafu hatari. Usiandike "hakuna kazi isiyo na changamoto." Taja zinazowezekana na utakachofanya: mchoraji akiugua, nani ataendeleza, nakala ya majaribio ikitoka vibaya, mnairudia kwa gharama ya nani, nauli ya nje ikipanda, akiba itabeba kiasi gani. Kwa hesabu yetu, posta ya nje na ufungaji wake vikipanda asilimia 40, tunaongeza kama 18,000 kwa wale watu 20, na akiba inatosha. Sema hivyo.

Sita, tarehe ya ahadi

Hesabu kwa kwenda mbele bila matumaini. Kampeni ya siku 30 inafungwa mwisho wa Mei. Ruhusu wiki mbili pesa zifike. Picha kumi na mbili zilizobaki huchukua wiki kumi, kwa hiyo ni mwisho wa Agosti. Uhariri na kupanga kurasa wiki tatu, nakala ya majaribio wiki moja, kuchapa wiki nne: tuko mwisho wa Oktoba. Kufunga je? Vifurushi 220, kila kimoja dakika kumi ukihesabu kusoma anwani iliyoandikwa vibaya na kupiga simu kuuliza. Hizo ni saa 37 za kazi ya mikono, yaani wiki mbili za jioni kwa watu wawili. Katikati ya Novemba.

Usiahidi Novemba. Ukichelewa wiki tatu unaangukia Desemba, wakati ofisi za vifurushi za mabasi zimefurika na mchapaji yuko kwenye kalenda na kadi za kampuni. Ahidi mwisho wa Januari, shule zikiwa zimefunguliwa. Kitabu kikifika Desemba, hakuna atakayelalamika.

Kuchelewa kwenyewe hakuvunji imani kama ukimya unavyovunja. Utafiti wa Ethan Mollick wa Wharton, shule ya biashara ya Marekani, uliotolewa 2015 ulikuta kwamba miradi ya Kickstarter iliyofadhiliwa na kushindwa kabisa kutimiza zawadi ni kama asilimia 9. Kuchelewa, kwa upande wake, ni jambo la kila siku. Panga taarifa moja kila mwezi, hata kama hakuna jipya, na mkichelewa iwe na mambo matatu: kilichotokea, kilichokwisha, tarehe mpya. Kwa mfano: "Nakala ya majaribio imetoka na rangi ya bahari si sahihi. Mchapaji anaandaa sahani mbili upya, gharama imetoka kwenye akiba. Kurasa nyingine zote zimeidhinishwa. Vitabu vitatoka kiwandani tarehe 20 Novemba badala ya 30 Oktoba. Ahadi ya Januari iko palepale."

Anwani usizikusanye wakati wa kampeni, kwa sababu watu huhama. Ziombe wiki tatu kabla ya kutuma, kwa fomu moja yenye jina, namba ya simu, mji, na ofisi ya vifurushi iliyo karibu naye, maana wengi wetu hatuna namba ya nyumba. Weka tarehe ya mwisho ya kujibu. Baadhi hawatajibu kabisa, hata ukiwakumbusha mara tatu. Vitabu vyao vifunge, viandike majina na uviweke kwa mwaka mzima mbali na zile nakala 50 za ziada, pamoja na shilingi 290 za kila mmoja kwenye akaunti, kwa sababu mwezi wa saba mmoja wao atakupigia akiuliza kitabu chake kiko wapi.